Kiwele kilichopanda na mgongo uliobonyea: jinsi picha ya ubavu ilivyomdanganya mnunuzi mara mbili

Kazi yetu ni kuwaangalizia wanunuzi umbo la ng'ombe wa maziwa kwa picha. Mama mmoja wa Keshero, mjini Goma, alitutumia picha ya ng'ombe kwa Watsapu. Ng'ombe alikuwa kilimani upande wa Masisi, chotara wa Frizoni na Ankole, na mwenye ng'ombe alisema ameshazaa mara tatu. Chini ya picha mama aliandika: "Papa, kiwele naona ni kizuri sana, lakini mugongo na miguu vinaniogopesha. Ninunue ao niache?"

Tulimjibu kwamba kwa picha ile hatuwezi kumwambia nunua wala acha. Picha yenyewe ilikuwa na makosa, na makosa hayo yalikuwa yamemfanya aogope kisichoogopwa na apende kisichopendwa. Hilo hatukulijua siku ile. Tulilijua baada ya picha ya pili. Tunasimulia hapa kwa sababu karibu kila wiki tunaletewa picha kama ile.

Tuanze na mgongo, maana ndio uliomtisha. Katika picha ya kwanza mgongo ulibonyea nyuma ya mabega, na matako yalipanda juu kuliko nyonga. Ng'ombe wa maziwa tunamtaka awe na mgongo unaokwenda karibu sawa kutoka mabegani mpaka kiunoni, halafu mfupa wa tako uwe chini kidogo ya mfupa wa nyonga, sentimita 4 hivi. Tako likiwa juu kuliko nyonga, uchafu wa baada ya kuzaa hautoki vizuri, unabaki ndani ya mji wa mimba. Kwa hiyo mama hakuogopa bure.

Lakini tulipoangalia kwato, za nyuma zilikuwa mahali pa juu kuliko za mbele. Kilima. Na mchungaji alikuwa ameishika kamba juu ili ng'ombe aonekane mwenye nguvu. Ng'ombe akiinuliwa kichwa hivyo, mgongo wake hubonyea, hata kama ni mzima kabisa. Dawa yake ni rahisi: chora kwa macho mstari unaopita chini ya kwato za mbele na za nyuma, kisha ulinganishe mgongo na mstari huo, usiulinganishe na ukingo wa picha. Na kichwa kiachwe katika hali yake ya kawaida, kisivutwe juu wala kisiwe kinakula majani chini.

Kuna mgongo mwingine ambao usiusamehe hata kidogo: uliopinda kwenda juu kama upinde, ng'ombe akiwa amesimama ametulia mahali tambarare. Huo mara nyingi si umbo, ni maumivu, na kwanza fikiria kwato. Ukiona hivyo omba video fupi akitembea. Akichechemea, shauri la umbo limekwisha, mwite veterineri.

Miguu ya nyuma ndiyo inayodanganya watu kuliko yote, kwa sababu ng'ombe anaihamisha kila dakika. Angalia kile kiungo kilichochongoka nyuma ya mguu, ambacho wengi wetu tunakiita goti la nyuma. Kikitazamwa kwa ubavu, pembe yake kwa ng'ombe aliyekaa vizuri iko karibu digrii 147. Ikikaribia 160 mguu umenyooka kama nguzo, kila hatua inagonga kiungo, na kiungo huanza kuvimba. Ikishuka mpaka karibu 134 mguu umepinda kama mundu. Uzito unaangukia kisigino cha kwato, na ncha ya mbele inakua ndefu kwa kuwa hailiki.

Sasa, ng'ombe yuleyule akiupeleka mguu mbele chini ya tumbo, utaona mundu. Akiusukuma nyuma, utaona nguzo. Ndiyo maana hatupimi pembe mpaka mfupa wa chini ya goti uwe umesimama wima. Wakati huo ukishusha uzi kutoka kwenye mfupa wa tako, utagusa nyuma ya goti na kuteremka sambamba na mfupa ule. Fundi anayejenga ukuta anatumia timazi. Nasi tunafanya vilevile. Jiwe dogo lililofungwa kwenye uzi na kuning'inizwa kwenye tawi au nguzo iliyo karibu na ng'ombe, lionekane ndani ya picha. Simu ikiwa imeinama upande mmoja, uzi utakuambia.

Ng'ombe wa mama alikuwa amesimama akitazama mteremko, na miguu ya nyuma ameikusanya chini ya tumbo ili asiserereke. Mundu ule ulikuwa wa kilima.

Kiwele sasa. Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi, kwa sababu mguu uliopinda kidogo unaweza kuishi nao miaka, lakini kiwele kilicholegea hakirudi juu. Kila mzao kinashuka zaidi. Katika zizi la Goma, penye mawe ya volkano, kiwele kinachoburuta kinachubuka, chuchu zinakanyagwa ng'ombe anapoinuka, na uchafu unaingia.

Kwa ubavu tunaangalia vitu viwili. Cha kwanza ni sehemu ya chini kabisa ya kiwele ikilinganishwa na goti la nyuma. Ng'ombe wa mzao wa kwanza tunataka kiwe juu ya goti kwa zaidi ya kiganja. Wa mzao wa tatu atakuwa ameshuka, hiyo ni kawaida, lakini bado tunataka nafasi ionekane. Kikilingana na goti, onyo. Kikiwa chini ya goti, tunasema hapana.

Katika picha ya kwanza kiwele kilionekana juu ya goti kwa vidole vinne. Shida ni kwamba mpiga picha alisimama wima, simu kwenye usawa wa macho, hatua mbili tu kutoka kwa ng'ombe. Kiwele kiko katikati ya miguu miwili, yaani nyuma ya goti la karibu kwa sentimita 15 hivi. Ukitazama kutoka juu, kitu kilicho nyuma kinaonekana kimepanda. Fanya hesabu: simu iko mita 1.6 juu ya ardhi, goti liko kama mita 0.55, umbali ni mita 2. Kiwele kitaonekana kimepanda sentimita 7 kuliko kilivyo. Hizo ndizo vidole vinne! Ukirudi nyuma mpaka mita 5 ukiwa bado umesimama, uongo unapungua hadi sentimita 3. Ukichuchumaa palepale, simu ikiwa mita 0.8 kutoka ardhini, unabaki chini ya sentimita 1.

Kwa hiyo tunaomba hatua saba nyuma na goti moja chini. Simu ikiwa na ukuzaji mara mbili, utumie. Ile lenzi pana ya 0.5 usiiguse, inapanua tumbo na kufupisha miguu.

Kitu cha pili ni pale kiwele cha mbele kinaposhikana na tumbo. Pakiwa pazuri, ngozi ya tumbo inateremka taratibu na kuingia kiweleni, huwezi kusema hapa tumbo limeishia na hapa kiwele kimeanzia. Pakiwa pabaya utaona mkunjo, kama kona iliyokatwa kwa panga, na kiwele kinaning'inia kama mfuko uliofungwa na uzi mmoja. Ili kuona pale, mguu wa nyuma ulio upande wa kamera uwe nyuma kidogo ya mwenzake. Kisha piga nyingine mguu huo ukiwa mbele, upate kuona kiwele kinavyopanda nyuma. Picha moja haiwezi kuonyesha vyote viwili, mguu unaziba.

Wauzaji wanajua jambo hili pia. Ng'ombe asiyekamuliwa tangu jana jioni kiwele kinajaa, ngozi inakazana, ule mkunjo unajificha. Ndiyo maana picha moja tunaitaka kabla ya kukamua na nyingine mara tu baada ya kukamua, siku ileile. Kiwele kizuri baada ya kukamuliwa kinanywea, ngozi inajikunja laini, lakini bado kimeshikana na tumbo. Na kama amezaa wiki hii, usihukumu mshiko. Uvimbe wa kuzaa unafunika kila kitu. Subiri uvimbe uishe.

Mama alimpigia mwenye ng'ombe, akakubali kwa kunung'unika kidogo. Picha mpya zilipigwa mahali tambarare karibu na nyumba, kamba ikiwa imelegezwa. Mgongo: sawa, tako chini kidogo ya nyonga. Mguu: kama digrii 145, hatuna neno. Kiwele: chini yake ililingana na goti. Katika picha ya kabla ya kukamua palikuwa na alama ndogo tu mbele, lakini baada ya kukamua ule mkunjo ukafunguka, ungeweza kuingiza ngumi.

Mama alinyamaza kwenye simu. Kisha: "Kumbe nilikuwa naogopa kinyume."

Tulimwambia ng'ombe huyo anaweza kutoa maziwa mengi sasa hivi, umbo halisemi lita ngapi. Tulichoona ni kwamba kiwele kile hakina mizao mingi mbele yake, na bei aliyoombwa ilikuwa bei ya ng'ombe wa miaka mingi. Alimwacha. Baadaye alinunua mwingine wa mzao wa kwanza, mwenye mguu uliopinda kidogo kuelekea mundu, kiwele kiganja kimoja na vidole viwili juu ya goti. Tulimwonyesha kasoro ya mguu kabla hajalipa, na tukamwambia kwato zitahitaji kukatwa mara kwa mara.

Picha ya ubavu haionyeshi kama chuchu zote nne zinatoa maziwa, haionyeshi ugonjwa wa kiwele, wala upana wa kifua, wala ule mshipi wa katikati unaogawa kiwele, ambao unaonekana kwa nyuma. Kwa hiyo kazi yetu ya picha ni ya kuchuja tu: kati ya ng'ombe watano, ni wawili gani wanaostahili nauli ya kwenda kuwaona. Kukamua kwa mkono na kugusa kiwele hufanyika kulekule.

Ukitaka tukuangalizie, tuma picha nne za ubavu: mguu wa karibu ukiwa nyuma, mguu huo ukiwa mbele, mara moja kabla ya kukamua na mara moja baada. Ardhi iwe tambarare na ngumu, kwato zionekane zote, zisifichwe na majani. Ongeza moja ya nyuma, na useme alizaa lini. Usizipitishe kwenye programu ya kupamba picha, hata kama rangi ni mbaya.