Barua ya malalamiko: bei ile ile, sabuni pungufu

S.L.P., Morogoro
14 Mei 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kiwanda cha Sabuni ya Unga,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPUNGUZWA KWA UZITO WA PAKITI YA SABUNI YA UNGA KUTOKA GRAMU 500 HADI GRAMU 440 BILA KUWAARIFU WANUNUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa duka la dobi mjini Morogoro na nimekuwa nikitumia sabuni yenu ya unga kwa miaka 6 mfululizo, nikinunua kwa katoni kutoka kwa muuzaji wa jumla aliye jirani na soko. Nguo za kazini kwangu hufuliwa kwa ndoo, na kila ndoo huwekewa gramu 25 za sabuni, kipimo ambacho tumekizoea kwa sababu ndicho kilichotokana na maelezo ya pakiti yenu yenyewe: gramu 500, ndoo 20.

Mwezi Machi nilianza kuona pakiti zinakwisha mapema. Naona haya kusema kwamba mtu wa kwanza niliyemshuku ni kijana anayefua, ambaye nilimhoji mbele ya wenzake kana kwamba anapeleka sabuni nyumbani kwake. Alichofanya ni kuniletea pakiti tupu mbili, ya zamani aliyokuwa akiitunzia vifungo na mpya ya juzi, akaniomba nisome nyuma. Pakiti zote mbili zina upana na urefu ule ule, rangi ile ile na picha ile ile ya shati jeupe. Ya zamani imeandikwa uzito halisi gramu 500, na mpya, kwa herufi ndogo karibu na mshono wa chini, gramu 440. Nilimwomba radhi siku hiyo hiyo.

Ili nisije nikawalaumu kwa jambo lisilo sahihi, nilipima pakiti 6 mpya kwa mizani yangu ya duka, nikatoa gramu 8 za plastiki tupu. Sabuni iliyomo ilikuwa kati ya gramu 438 na 443. Kwa hiyo sidai kwamba mnapunja uzito mlioandika. Nina hakika Wakala wa Vipimo wangepima wangekuta mambo yako sawa. Lalamiko langu liko kwingine.

Nilipopiga simu yenu ya huduma kwa wateja, niliambiwa kwa upole kwamba bei ya rejareja haijapanda na kwamba kilichopungua ni "asilimia 12 tu". Hesabu hiyo ya asilimia 12 ni sahihi kwa anayetazama kilichoondolewa, kwa kuwa gramu 60 ni asilimia 12 ya gramu 500. Ila mimi silipii kilichoondolewa, nalipia kilichobaki. Ili nipate tena gramu 500 nilizozizoea, inanibidi niongeze gramu 60 juu ya gramu 440, na 60 gawanya kwa 440 ni asilimia 13.6. Hicho ndicho kiwango ambacho bei ya sabuni imepanda, hata kama tarakimu iliyobandikwa rafuni haikuguswa. Kadiri pakiti inavyozidi kupunguzwa, ndivyo namba hizi mbili zinavyozidi kuachana: pakiti ikikatwa nusu mtasema imepungua asilimia 50, wakati mnunuzi atakuwa analipa mara mbili.

Hata hiyo asilimia 13.6 si hesabu yote, kwa sababu Novemba iliyopita mlipandisha bei ya pakiti ya gramu 500 kutoka shilingi 3,000 hadi 3,200. Upandishaji ule ulitangazwa, nami sikulalamika, kwani najua malighafi na usafirishaji havijabaki palepale. Sasa nikigawa bei kwa uzito napata hivi: mwanzoni gramu moja iligharimu shilingi 6.00, baada ya Novemba shilingi 6.40, na leo shilingi 7.27. Kutoka 6.00 hadi 7.27 ni ongezeko la asilimia 21.2 katika muda usiotimia nusu mwaka. Anayetaka kuhakiki asijumlishe asilimia za awamu mbili, maana atapata pungufu. Ya pili imepanda juu ya bei ambayo tayari ilikuwa imepandishwa.

Dukani kwangu hesabu hiyo ina sura yake. Natumia kilo 18 za sabuni kwa mwezi. Zamani zilikuwa pakiti 36 za shilingi 3,000, yaani shilingi 108,000. Baada ya Novemba pakiti hizo hizo 36 zikawa shilingi 115,200. Leo nahitaji pakiti 41, ambazo ni shilingi 131,200. Ongezeko mlilolitangaza lilinigharimu shilingi 7,200 kwa mwezi, na lile mlilolinyamazia linanigharimu shilingi 16,000, zaidi ya mara mbili ya lile la wazi. Lile la wazi nililiingiza kwenye bei ya kufua kwa kuwaeleza wateja wangu mapema. Hili la pili nililibeba mwenyewe kwa majuma kadhaa nikidhani ninaibiwa.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni maandishi ya mbele ya pakiti, ambayo mpaka leo yanasema "hufua ndoo 20". Gramu 440 zikigawanywa kwa gramu 25 ni ndoo 17 na ushee. Ili zifike 20, kila ndoo ipewe gramu 22, lakini maelekezo ya nyuma bado yanataka vijiko vilevile viwili vya chakula vilivyojaa. Inawezekana mmeongeza nguvu ya sabuni kiasi kwamba kidogo kinatosha. Ikiwa ndivyo, nitafurahi kuelezwa, ingawa orodha ya viambato haijabadilika hata neno moja. Nilijaribu gramu 22 kwenye mashati meupe ya shule. Povu lilikuwa jingi, lakini povu si kipimo cha usafi, na kola tulizirudia.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, nami naona dai la ndoo 20 juu ya pakiti ya gramu 440 haliko mbali na hapo. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, idadi ya ndoo irekebishwe katika pakiti zitakazochapishwa kuanzia sasa. Pili, uzito mpya uandikwe mbele ya pakiti kwa herufi zinazosomeka, pamoja na maneno "awali gramu 500", kwa angalau miezi miwili. Si ombi geni: nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2024, maduka makubwa yanalazimika kuweka tangazo karibu na bidhaa ya aina hii kwa miezi miwili, likitaja uzito wa awali, uzito mpya na bei ya kilo ilivyobadilika.

Naambatisha picha za pakiti zote mbili, nakala za risiti za Oktoba, Desemba na Aprili, na karatasi ya vipimo vya zile pakiti 6. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 21. Nisipolipata, nitaipeleka barua hii pamoja na viambatisho vyake Tume ya Ushindani.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa duka la dobi,
Morogoro.