Kikao cha saa moja kinakugharimu kiasi gani hasa?

Sisi kazi yetu ni kuandaa mishahara ya biashara ndogo ndogo, na siku hizi wateja wanatuuliza sana hili swali la vikao, yaani mtu akiwaita watu wake wote mezani kwa saa moja ametumia kiasi gani. Wengi wanakuja wameshapiga hesabu wenyewe kwenye simu, na karibu kila mara jibu lao ni dogo kuliko ukweli, wakati mwingine hata nusu halifiki. Kuzidisha wanazidisha vizuri tu, shida ni ile thamani ya saa moja waliyoanzia.

Chukua mteja wetu mmoja anayesambaza vifaa vya ujenzi. Kila Jumatatu asubuhi wanakaa watu 8, meneja anayelipwa 2,400 kwa mwezi, masupavaiza wawili 1,500 kila mmoja, na wafanyakazi watano 900 kila mmoja (namba tumezirahisisha, sarafu weka ya kwako). Jumla ni 9,900 kwa mwezi. Yeye akazidisha mara 12, akapata 118,800, akagawa kwa saa 2,080, yaani wiki 52 mara saa 40, ikaja kama 57. Akatuambia, "Kikao cha 57 kwa wiki, hiyo mbona naimudu."

Sasa hizo saa 2,080 ndizo anazolipia, ila sio saa ambazo mtu yupo kazini kweli. Mtu ana likizo siku 20, sikukuu kama 10, na mwaka huu wameumwa wastani wa siku 5 kila mmoja, hizo ni siku 35 za saa 8, jumla saa 280 zimeondoka. Zinabaki 1,800. Mshahara wa mwaka mzima inabidi ubebwe na hizo 1,800 tu, kwa hiyo kila saa inapanda bei.

Halafu mshahara sio gharama yote ya mtu. Kuna mchango wa mwajiri kwenye pensheni, bima, na malipo mengine ambayo mfanyakazi wala hayaoni kwenye karatasi yake ya mshahara. Kwa huyu mteja ilikuwa 25% juu ya mshahara, ya kwako inaweza kuwa chini au juu, usikisie, chukua jumla ya mwaka jana uliyolipa zaidi ya mishahara ugawe kwa jumla ya mishahara yenyewe. Na tafadhali anza na mshahara kabla ya makato, maana tumeona watu wanatumia kile kinachoingia benki kwa mfanyakazi wakati kodi na makato yake vyote vimetoka mfukoni kwao.

Basi 118,800 ongeza 25% ni 148,500, gawa kwa 1,800 unapata 82.5 kwa saa. Ukiangalia vizuri kuna njia ya mkato hapo, kwa 25% na saa 1,800 unagawa tu mshahara wa mwezi kwa 120, kwa hiyo meneja ni 20 kwa saa, supavaiza 12.5, mfanyakazi 7.5. Asilimia yako ikiwa tofauti hiyo 120 nayo inabadilika, itafute mara moja uiandike mahali.

Kwenye Excel, mishahara ya mwezi ikiwa B2 mpaka B9 na dakika za kikao ziko C1, ni hivi tu:

```
=SUM(B2:B9)/120*C1/60
```

Pale kwenye dakika ndipo watu wanajidanganya zaidi. Mualiko unasema saa moja na wao wanaandika 60. Tuliomba tukae nao Jumatatu moja tuangalie saa tu. Saa 3 kamili watu saba wameshakaa, meneja yuko nje anaongea na dereva kwenye simu, wakaanza saa 3 na dakika 10. Masupavaiza wakasoma ripoti zao, kila mfanyakazi akataja oda zake za wiki, halafu ikaingia mada ya bei za msambazaji mmoja ambayo ilihusu watu watatu tu, na wale watano wamekaa, mmoja anachezea kifuniko cha kalamu, mwingine anajibu wateja chini ya meza. Wakainuka saa 4 na dakika 20. Kwa hiyo sio 60 ni 80, na zile 10 za kusubiri zinahesabiwa maana watu walishaacha kazi zao. Dakika 80 kwa 82.5 ni 110.

Bado maandalizi. Supavaiza mmoja anatumia saa 2 kila Ijumaa kutengeneza ile ripoti, na ripoti ipo kwa sababu ya kikao tu, hakuna mwingine anayeisoma. Saa 2 mara 12.5 ni 25. Jumla 135 kwa kikao kimoja. Mwaka jana walikaa mara 48, inakuja 6,480, kidogo iko juu kwa sababu kuna Jumatatu mtu alikuwa likizo. Kumbuka mfanyakazi wa 900 anamgharimu 13,500 kwa mwaka, yaani kikao kile kilikuwa kinakula karibu nusu ya mfanyakazi mmoja.

Kuna wanaoongeza na muda wa mtu kurudi kwenye kazi aliyoiacha, pamoja na kodi ya ofisi. Sisi hatuweki. Huo muda wa kurudi upo kweli ila huwezi kuupima kwa saa ya ukutani, na ofisi utailipia hata chumba kikiwa kitupu, kwa hiyo ukivitia ndani unapata namba kubwa ambayo mtu yeyote mezani ataipinga.

Huyu mteja hakufuta kikao. Oda zikawekwa mwanzo, wale watano wanakaa dakika 20 wanaondoka, watatu wanabaki mpaka saa moja itimie, na wanaanza hata kama meneja yuko kwenye simu. Watano kwa dakika 20 ni 12.5, watatu kwa saa moja ni 45, ripoti 25, jumla 82.5 badala ya 135.

Akatuuliza, "Kwa hiyo nimeokoa 52.5 kila wiki?" Tukamwambia hapana bosi, benki hutaiona, mishahara unalipa ile ile. Ulichopata ni saa 6 za watu kila wiki (zilikuwa saa 12 na dakika 40 ukijumlisha wote na maandalizi, sasa ni 6 na dakika 40), na zinakuwa pesa pale tu zikienda kwenye kitu, kama unapunguza ovataimu au oda zinatoka mapema. Yeye alikuwa analipa ovataimu za Jumatatu jioni kufunga oda, kwa hiyo tukamwambia aangalie hiyo laini kwenye mishahara ya miezi miwili ijayo.

Kitu kingine, ukipiga hii hesabu usiibandike ukutani wala usiionyeshe kwenye skrini ya kikao. Mtu mmoja akikaa na meneja na jumla inaonekana, anajua mshahara wake, anatoa, wa meneja unabaki wazi. Ndio maana tukikufanyia hii kazi tunaomba wastani wa kila ngazi na idadi ya watu kwenye ngazi hiyo, majina hatuyahitaji, pamoja na dakika halisi za vikao vinne mfululizo ambazo mtu ameziandika kwa kuangalia saa.