Ramli ya mama imerudisha posa yangu, na hesabu yake ina kosa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku wa manane, usingizi umenikataa tena. Nimesoma majibu unayowapa wengine na najua huna subira na mambo ya ramli, kwa hiyo nitangulize kusema kwamba mimi si mtu wa kukimbilia wapiga bao. Sikwenda mimi. Alikwenda mama, akarudi na karatasi, na posa ya mtu ninayemtaka ikarudishwa. Mimi hawakuniuliza neno. Nilikuja kuambiwa kama mtoto anavyoambiwa kesho hakuna shule.

Hadithi ya anayemwendea mpiga ramli, kwamba sala yake haikubaliwi siku 40, naijua. Mama naye anaijua, na ndiye aliyenifundisha. Kwa hiyo usinianzie hapo, Shangazi, tafadhali.

Karatasi nimeiona. Alikuwa ameificha kabatini, na alinificha mimi kwa sababu anajua kwamba naisoma. Babu mzaa baba alikuwa akipiga ramli, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsawazishia mchanga ubaoni. Alinifundisha kidogo kidogo, si ili niitumie, bali kwa sababu nilikuwa na kichwa cha hesabu na yeye alipenda mtu wa kumkagulia. Mama alilijua hilo na halikumsumbua hata siku moja. Leo ndiyo limekuwa siri.

Wamesema nini? Wamesema nyumba ya saba, ambayo ni ya ndoa, imekaa Humra. Humra ni umbo la damu na hasira: nukta mbili juu, moja, halafu mbili, na mbili. Na kama hiyo haitoshi, wamesema hakimu naye ni Humra, na nyumba ya 12, ya maadui wa siri, ina Ankisi, umbo la huzuni. Basi mtu wa watu akageuka mpiga wake na mwaga damu, bila hata kuitwa kuketi kuulizwa. Na mimi vilevile sikuulizwa.

Nilipoona Humra kwenye kiti cha hakimu nilijua papo hapo kwamba hesabu imeharibika. Humra haiwezi kuwa hakimu. Haijawahi na haitakuwa. Nieleze, maana mama amekataa kunisikiliza na sina mwingine wa kumweleza.

Mpigaji anapiga mistari 16 ya nukta bila kuhesabu, kisha anazifuta mbili mbili hadi ibaki moja au mbili kwa kila mstari. Mistari minne inafanya umbo moja, kwa hiyo anapata maumbo manne, ndio mama. Mabinti wanne hawapigwi upya. Binti wa kwanza anatokana na mistari ya juu kabisa ya mama wote wanne, wa pili na mistari ya pili, na kuendelea. Ni nukta zile zile zilizosomwa kwa ubavu. Kutoka hapo maumbo yanajumlishwa mawili mawili, mstari kwa mstari: witiri na witiri, au shufwa na shufwa, hutoa nukta mbili, vikichanganyika hutoa moja. Wanazaliwa wajukuu wanne, kisha mashahidi wawili, na mwisho hakimu. Mama, mabinti na wajukuu ndio wanaokaa nyumba 12, kwa mfuatano huo huo.

Sasa angalia, Shangazi. Kwa kuwa kila nukta ya mama imo pia kwa mabinti, hesabu nzima inayoteremka hadi kwa hakimu imeingia mara mbili, na kitu kilichoingia mara mbili hakitoi witiri. Ndiyo maana katika maumbo 16 ni manane tu yanayoweza kukaa kwenye kiti kile, yale yenye jumla ya nukta shufwa. Humra ina nukta saba. Babu alikuwa akimtazama hakimu kwanza, kabla ya nyumba yoyote, na akikuta witiri anafuta ubao wote bila kusema neno kwa mteja. Yule mzee aliyempigia mama ramli hakufuta. Alisoma.

Nikatafuta kosa, na halikunichukua muda. Mama wote wanne wako sawa, nimezihesabu nukta zao toka mwanzo: Lahiyani, Nusura ya ndani, Bayadhi, Kabdhi ya ndani. Bayadhi, ambaye ni mama wa tatu, ana nukta moja kwenye mstari wake wa tatu. Nukta hiyo ilitakiwa iwe mstari wa tatu wa binti wa tatu, yaani nyumba ya saba. Mzee ameandika mbili. Basi. Nukta moja imezidi, labda mkono uliteleza au macho yamechoka, na Ijtimai, umbo la kukutana, mbili, moja, moja, mbili, ikawa Humra. Kosa likashuka kwa mjukuu wa nne, ambaye alitakiwa awe Nusura ya ndani akaandikwa Ankisi, likapita kwa shahidi wa kushoto, likafika kwa hakimu. Nimeipiga hesabu upya: hakimu halali ni Ijtimai. Nyumba ya ndoa Ijtimai, hakimu Ijtimai. Mtu amerudishwa kwa nukta ambayo haipo!

Utasema, kama huamini ramli kwa nini unakaa usiku kuihesabu? Kwa sababu wao wanaiamini, Shangazi, na wameitumia juu yangu. Mtu akikuhukumu kwa kitabu chake una haki ya kumfungulia ukurasa. Na hata hivyo kosa la hesabu silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba hakuna aliyefungua mlango wa chumba changu akaniuliza, wewe mwenyewe unamwonaje mtu huyu?

Na hili nalo lina mahali pake katika ramli, wala silizui mimi. Babu alikuwa akimuuliza kila anayeingia: swali ni la nani? Maana nyumba ya kwanza ni ya mwenye swali. Kama ningekwenda mimi, nyumba ya kwanza ningekuwa mimi, na ya saba angekuwa yeye. Lakini aliyekwenda ni mama. Nyumba ya kwanza ni mama. Nyumba yake ya saba ni mume wake yeye, si wangu! Mtoto wa mwenye swali anatafutwa nyumba ya tano, na mume wa mtoto unamhesabu kuanzia pale: tano iwe ya kwanza, sita ya pili, hadi ufike ya saba yake, ambayo ni nyumba ya 11. Kwa hiyo hata kama Humra ingekuwa ya kweli, wamemsomea mtu mwingine. Wangeniuliza mimi, swali lingekuwa langu na nyumba zingekuwa zangu. Unaona sasa kwa nini narudi palepale?

Nyumba ya tano, ambayo ndiyo mimi, ina Lahiyani, furaha. Hilo sikushangaa, maana mwaka huu nimefurahi kuliko miaka yote.

Nyumba ya 11 ina Ukla.

Sijamwambia mtu yeyote hili. Ukla ni umbo la kifungo: moja, mbili, mbili, moja, limefunga juu na chini na katikati kuna uwazi. Kwa ndoa wapo wanaosema ni zuri, ni fundo lisilofunguka. Babu alilisoma kama kuchelewa, jambo lililokwama, mtu aliyefungwa na jambo jingine ambalo hujaoneshwa. Na kosa la mzee haliligusi, kwa sababu umbo hilo linatokana na nyumba ya tano na ya sita, na hizo ziko sahihi. Nimejaribu kulifuta kwa kila njia. Halifutiki.

Hakimu Ijtimai naye si mwema kivyake. Ni umbo linalofuata walio pembeni yake. Wakiwa wema anakuwa mwema, wakiwa wabaya anakuwa mbaya. Shahidi wa kulia ni Nusura ya nje, msaada usiokaa muda mrefu. Wa kushoto ni Kabdhi ya nje, mkono unaoachia. Mama akiniambia nimsomee karatasi yote, nitafika hapo na nitalazimika kusema.

Na ni kweli alichelewa. Aliniambia wazee wake watakuja, wakachelewa, wakachelewa tena, na kila mara sababu ilikuwa nzuri: msiba, ugonjwa, safari. Sikuhoji. Siyo kwamba namshuku. Ni mtu mpole, anaswali, hajawahi kunipandishia sauti, na huo uongo wa damu na hasira unanitia uchungu kwa niaba yake. Lakini tangu niione Ukla sauti yake kwenye simu naisikiliza tofauti, na sitaki kuisikiliza hivyo. Sikuwa nayo hofu hii kabla ya karatasi. Au nilikuwa nayo, sijui tena.

Jana nilikaa na karatasi yangu, nikatia nia, nikaanza kupiga nukta kwa swali langu mwenyewe. Nilifika mama wa tatu nikaweka kalamu. Babu alikataza swali moja kupigwa mara mbili, alisema la pili linajibu hofu ya mtu badala ya swali. Lakini hilo la kwanza halikuwa langu! Kwa hiyo langu si la pili. Au siyo?

Basi nishauri, Shangazi. Nimwoneshe mama lile kosa la nukta? Nikimwonesha posa inaweza kurudi, na yule mzee, ambaye wanamheshimu wote, ataaibika mbele ya watu. Na nitakuwa nimekubali kwamba ramli ndiyo inayoamua, tena nitakuwa nimeisoma nusu na kuifunika nusu. Nikinyamaza, mtu asiye na hatia anabaki na jina la mwaga damu. Baba amesema mambo haya ni ya mama yako, hataki kuingia.

Na hili la wazee wake kuchelewa, nimuulize? Namuulizaje bila kumwambia nimelitoa wapi? Amenitumia ujumbe jioni, anataka kujua amekosa nini, na mpaka sasa sijamjibu.

Mimi mpwa wako, nisiyelala