Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa IMO: Sitaha ya meli ya mafuta si mahali salama

Kwa Bw. Arsenio Dominguez,
Katibu Mkuu, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), London.

Mheshimiwa,

Sisi ni mabaharia wa meli za mizigo, na tunakuandikia kuhusu pengo moja katika sheria ya uokoaji. Wajibu wa nahodha hauna utata. Kanuni ya 33, Sura ya V ya SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, inamtaka akipata taarifa ya watu walio hatarini baharini aelekee huko kwa kasi yote, bila kuuliza ni raia wa wapi wala wana hati gani. Asipoweza kwenda, ataandika sababu katika kitabu cha kumbukumbu za meli na kukiarifu kituo cha uokoaji. Utata unaanza watu wakishapanda sitahani.

Tarehe 4 Agosti 2020, meli ya mafuta Maersk Etienne, yenye bendera ya Denmark, iliokoa wahamiaji 27 katika Bahari ya Mediterania kwa ombi la Malta. Malta hiyohiyo ikakataa kuwashusha. Mwanzoni mwa Septemba watatu kati yao walijitupa baharini, na mabaharia wakawaopoa tena. Baada ya siku 38 wote 27 walihamishiwa meli ya uokoaji ya Mare Jonio, na kesho yake wakashushwa Pozzallo, Sicily.

Anayetazama kutoka nchi kavu anaweza kusema: si walikuwa hai, wanakula? Lakini meli ya mizigo hutengenezwa kwa hesabu ya mabaharia wake. Boti za kujiokoa, vyumba, vyoo na akiba ya chakula hupimwa kwa hesabu hiyo. Ikishika moto, hao 27 wa ziada hawana nafasi ya uhakika kwenye boti. Daktari hayupo, kwa kuwa kanuni humtaka kwenye meli yenye watu 100 au zaidi katika safari ya kimataifa inayozidi siku 3. Maji nayo: kwenye meli nyingi mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji safi hutumia joto la injini kuu. Meli ikisimama kungoja jibu, injini hupoa na maji mapya hukoma, ilhali watumiaji wameongezeka maradufu. Kadiri serikali zinavyokawia, ndivyo meli inavyozidi kuwa ya hatari.

Shirika lako liliyaona hayo mapema. Miongozo ya MSC.167(78) ya mwaka 2004 inasema mahali salama ni pale uokoaji unapohesabika kuwa umekwisha: uhai wa mtu hautishiwi tena, anaweza kupata chakula, malazi na matibabu, na safari yake ya mbele inaweza kupangwa. Inaongeza kwamba meli iliyookoa isihesabiwe kuwa mahali salama kwa sababu tu watu wametoka majini.

Miongozo hiyo inataka pia watu wanaodai kukimbia mateso wasishushwe mahali ambako maisha au uhuru wao utakuwa hatarini. Hapo Libya, ambako wengi wa wanaovuka Mediterania huanzia safari, inaondoka kwenye orodha ya mahali pa kuwashusha. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliitia Italia hatiani katika kesi ya Hirsi Jamaa, kwa kuwarudisha Tripoli Wasomali na Waeritrea waliokamatwa baharini mwaka 2009. Nahodha wa meli ya Italia Asso 28, aliyewarudisha watu 101 Libya mwaka 2018, alihukumiwa Naples, na Mahakama ya Juu ya Italia ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2024. Kwa hiyo nahodha akisubiri anaumiza watu sitahani; akiwarudisha Libya anaweza kufungwa yeye.

Pengo liko hapa. Marekebisho ya mwaka 2004 ya SOLAS na ya Mkataba wa Utafutaji na Uokoaji yanaipa nchi inayosimamia uokoaji katika eneo husika la bahari jukumu la kwanza la kuhakikisha watu wanashushwa mapema iwezekanavyo, lakini hayasemi kwamba bandari ikikosekana kwingine, nchi hiyo iwapokee yenyewe. Malta haikuyakubali hata hayo. Sentensi inayokosekana ipo kwenye waraka wa Januari 2009 wa Kamati ya FAL, kamati ya IMO ya kurahisisha usafiri wa baharini: mipango mingine isipopatikana haraka, serikali ya eneo husika ikubali kuwapokea. Ila waraka haumfungi mtu.

Tunaomba mambo mawili. Sentensi hiyo ipelekwe kwa nchi wanachama iingizwe katika Mkataba wa Utafutaji na Uokoaji, pamoja na ukomo wa saa 48 tangu nahodha aombe bandari. Tunajua nchi inaweza kuikataa nayo, na wewe huna kura. Ndiyo maana tunaomba la pili, ambalo sekretarieti yako inaweza kuliandaa bila kungoja mkataba: kila meli inayoomba bandari iandikwe hadharani, saa ya kuokoa, saa ya kuomba, saa ya kushusha watu, na jina la kituo kilichojibu au kilichokaa kimya.

Wako,
Mabaharia wa meli za mizigo