Wifi, ile doti bado haijakatwa

Wifi yangu,

Uliingia chumbani kutafuta kitambaa cha kumfutia mtoto, ukafungua kabati mwenyewe kama ulivyozoea. Sikukuzuia, nyumba ya kaka yako ni yako. Nilipofika mlangoni na sinia la chai nikakuta umeishika ile doti ya kanga uliyoniletea. Ulipitisha kidole katikati, pale vipande viwili vinapoungana, ukakuta havijatenganishwa. Ukaibonyeza, wanga bado umekakamaa kama siku ilipotoka dukani. Hukusema neno. Ukaikunja kwa mikunjo yake ileile, ukairudisha chini ya mashuka, na chai hukuinywa.

Tangu siku hiyo Idi mbili zimepita, simu yako siioni.

Najua kilichokuchoma. Miaka miwili kabla nilikutumia ujumbe: "Asante wifi, nimeipenda mno, naivaa kila siku." Kanga ya kuvaliwa kila siku haikai doti nzima. Hukatwa, hupindwa, hufuliwa kwa maji ya chumvi rangi isichuje, na mwaka haupiti imeshalainika. Wewe uliyenifundisha kupinda kanga usingeshindwa kuliona hilo.

Kama ningeishia kwenye "asante", nisingekuwa nimesema uongo. Hata hilo la "nimeipenda" ungenisamehe, maana mtu hupenda leo na kesho akachoka. "Naivaa kila siku" ndiyo iliyoniangusha, kwa kuwa jambo la matumizi lina ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa kabatini. Nyinyi mnaosoma, shukuruni mnavyotaka, lakini msimsimulie mtu matumizi ambayo hayapo.

Sasa nikwambie ambacho nilipaswa kukwambia wiki ileile. Pindo lake nilipenda, lile jekundu lenye korosho. Mji wake nilipenda. Kilichonishinda ni jina: "Hasidi hana sababu". Unajua tunachangia uwanja na jirani, na kamba ya kuanikia ni moja. Unajua mwezi ule tulikuwa hatusemeshani, wewe mwenyewe ulikuwepo siku maneno yalipotoka. Ningeivaa, angesema nimemvalia. Ningeifanya ya kulalia, lazima ifuliwe, na ikianikwa itasomeka pale kambani bila mimi kufungua mdomo. Ningepata wapi pa kuianika?

Maneno yenyewe hayakuwa magumu. Ningekupigia, nisiandike, ili usikie sauti yangu. Ningeanza na safari yako, Tanga hadi Dar kwenye basi na mzigo mapajani. Ningekutajia pindo, kwa sababu nililipenda kweli. Kisha ningesema: "Wifi, jina hili na jirani huyu haviwezi kukaa uwanja mmoja, naomba unielewe nisiivae kwa sasa." Hapo kanga isingekuwa mbaya, wala macho yako yasingekuwa mabaya. Tatizo lingekuwa uwanja wangu, na kweli lilikuwa uwanja wangu.

Siku ya kupokea yenyewe nisingeweza. Chumba kilikuwa kimejaa wazazi, mtoto ana siku tisa, wewe umeifungua mbele yao unaisoma kwa sauti, nao wanacheka wakinitazama. Ukweli ukisemwa mbele ya wageni ni aibu, nami sikutaka kukuaibisha. Nilinyamaza kwa heshima yako. Baadaye kila nilipotaka kusema nikaona siku zimepita, na kadiri zilivyopita ndivyo neno lilivyozidi uzito. Mtu wa kunilaumu kwa hilo angekuwa amelala chumba kile usiku ule, na mshono unauma, ndipo anilaumu.

Na wewe, wifi, ungeniuliza. Doti zilijaa dukani. Kulikuwa na za dua, za mama, za mapenzi. Ukapita zote ukasimama kwenye hiyo.

Siku arobaini ulinikanda kwa maji ya moto, ukanikorogea uji wa pilipili manga hata nilipokataa ukashika bakuli mpaka ninywe. Mtoto anakuita shangazi kwenye picha tu sasa. Juzi kaishika simu yangu, kaweka sikioni, anasema "shangazi, njoo". Nilitoka nikaenda kukaa jikoni.

Jirani alihama mwezi wa tatu. Kamba ni yangu peke yangu.

Jana nimeitoa doti, nimeitandaza kitandani, mkasi nikauweka juu yake. Sikukata. Nataka tugawane, kipande changu, kipande chako, kama tulivyogawana ile ya harusi. Ukikubali nitaikata na kuipinda kwa mkono, chako nitakileta mwenyewe Tanga.

Ila kwanza niambie, wifi: ulipoichagua ulikuwa unamsema jirani, au ulikuwa unanisema mimi?