Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Jopo la Stadi za Afya ya Akili

Ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji na wanachama wenzangu,

Kwa mujibu wa Katiba yetu ninawasilisha taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka ulioishia Juni 30. Vikao vinne vya kamati vilifanyika. Wagonjwa na wafiwa miongoni mwetu walitembelewa, na Siku ya Wauguzi tuliiadhimisha Mei 12 kama ilivyo desturi. Mambo hayo mnayafahamu, na mengi mlishiriki wenyewe, kwa hiyo sitayarudia.

Kuhusu ada, wanachama ni 214 na waliolipa hadi kufunga hesabu ni 97. Mkutano wa nusu mwaka ulihudhuriwa na watu 41. Ninasikitika kusema hivi mbele yenu, kwa sababu sauti zilizokuwa kali zaidi katika kundi sogozi juu ya kazi ya jopo tulilolitumia kuandaa orodha ya stadi za afya ya akili kwa wauguzi, nyingi ni za wenzetu ambao hawakufika siku ile kamati ilipoweka mezani rasimu ya utaratibu na kuomba maoni. Ada hizo ndizo zilizopaswa kugharamia vocha za wanajopo. Zilipopungua katika duru ya tatu ya kuwauliza wanajopo, nilitoa fedha zangu, na risiti ziko kwa Mweka Hazina.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa. Mkutano uliopita uliiagiza kamati iandae orodha ya stadi za afya ya akili ambazo muuguzi wa zahanati au kituo cha afya anapaswa kuwa nazo, tuipeleke kwa wakufunzi na waajiri. Nilipendekeza tutumie mbinu ya Delfi, iliyobuniwa katika shirika la RAND la Marekani miaka ya 1950 na akina Olaf Helmer na Norman Dalkey. Ndani yake watu wenye ujuzi huulizwa kwa maandishi, kila mmoja peke yake, pasipo kujua nani mwingine amejibu nini. Majibu hukusanywa na kurudishwa kwao, kisha huulizwa tena. Niliipendekeza kwa sababu ninawajua wenzangu. Tukikaa chumba kimoja na daktari bingwa, muuguzi wa zahanati hunyamaza hata pale anapojua zaidi.

Jopo tulilichagua kwa vigezo vilivyoandikwa kabla ya kutaja jina lolote. Muuguzi wa zahanati au kituo cha afya alitakiwa awe amefanya kazi huko angalau miaka miwili katika mitano iliyopita na awe amehudumia wagonjwa wa akili kwa mikono yake. Mtaalamu, awe daktari au muuguzi wa afya ya akili, alitakiwa awe anapokea rufaa kutoka ngazi ya chini. Mkufunzi alitakiwa awe anafundisha wauguzi kwa sasa. Tuliwaalika 40, na duru ya kwanza wakajibu 32: wauguzi 18, wataalamu 8 na wakufunzi 6. Wapo wenyeviti wa matawi waliokasirika kwamba hawakuitwa. Cheo katika chama hakikuwa kigezo, na mimi mwenyewe sikuwamo. Niliwapa wauguzi wa ngazi ya chini nafasi zaidi ya nusu kwa makusudi, kwa sababu orodha ni ya kazi yao. Kosa ninalolikubali ni kwamba hatukumwalika hata mtu mmoja aliyewahi kuugua wala ndugu anayemuuguza mgonjwa nyumbani. Mwanachama mmoja alilisema hilo mapema, nasi tulilichukulia wepesi.

Kiwango cha makubaliano nacho tulikiandika kabla ya duru ya kwanza. Kila stadi ingepewa alama 1 hadi 5, na ingeingia kwenye orodha kama asilimia 75 au zaidi ya waliojibu wangeipa 4 au 5. Duru zingekuwa tatu na hazingeongezwa. Namba 75 si sheria ya kisayansi. Mapitio ya tafiti 98 za Delfi yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa watafiti hutumia viwango mbalimbali, na kwamba cha katikati ni asilimia 75. Tungeweza kuweka 70 au 80 tukaeleweka. Kisichokubalika ni kusubiri majibu kwanza, halafu kuweka mstari pale panapotufaa.

Duru ya kwanza ilikuwa ya maswali ya wazi. Majibu yake tuliyaunganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kwa vituo visivyo na wataalamu wa akili, tukapata stadi 58. Mwishoni zimepita 43. Kutambua sonona kwa mama aliyejifungua, kumuuliza mgonjwa waziwazi kama anafikiria kujiua, kufuatilia mwenye kifafa anayekatisha dawa: hizo zilipita bila shida. Stadi moja ndiyo iliyoleta mgogoro.

Katika majibu ya kwanza iliandikwa hivi: "Kutambua saikosisi kali na kuanza dawa." Hayo ni mambo mawili katika sentensi moja, na mtu akiipa alama 3 huwezi kujua anakataa lipi. Tuliigawa. "Kutambua" ilipita duru ya pili kwa urahisi. "Kuanza dozi ya kwanza ya dawa kabla ya rufaa" ilipata watu 20 kati ya 28 waliojibu, yaani asilimia 71. Ilihitaji watu 21.

Asilimia hiyo ukiichambua kwa makundi, unaona kilichojificha ndani yake. Wauguzi waliokubali walikuwa 14 kati ya 16, wakufunzi 3 kati ya 5, na wataalamu 3 kati ya 7. Sababu za waliokataa tulizisoma moja moja. Wataalamu hawakusema muuguzi hana akili ya kutoa dawa. Walisema kuwa baada ya sindano ya haloperidoli mgonjwa kijana anaweza kukakamaa shingo, macho yakageukia juu na taya likajifunga, na kwamba zahanati nyingi hazina benzheksoli ya kumtuliza. Mmoja aliandika kuwa amepokea wagonjwa wa namna hiyo ambao ndugu zao waliamini sindano ndiyo iliyowaharibu, wakaapa kutorudi hospitali.

Upande wa pili wa jambo hili niliuona kwa macho. Mwezi huo nilitembelea zahanati moja mwambao wa Ziwa Nyasa. Muuguzi, ambaye hakuwa mwanajopo, alinionyesha benchi ambalo usiku wa juma lililotangulia walimlaza kijana aliyeletwa kwa bodaboda akiwa amefungwa kamba ya nyavu. Mikono ilikuwa imevimba hadi pete haitoki. Ndugu zake walikataa kuifungua kamba mpaka apewe dawa ya kumtuliza, na mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu mvua ya jioni. Muuguzi alikaa naye hadi alfajiri, akilegeza kamba kidogo kidogo na kuipasha mikono damu kwa kuisugua. Ninalieleza hili ili mjue kwamba niliposimamia kiwango sikuwa nimesahau kazi ilivyo.

Kwa duru ya tatu tuliirudisha stadi ile kama ilivyo, na kila mwanajopo akaonyeshwa alama yake, mgawanyo wa alama za jopo na sababu za pande zote mbili. Kwa kuwa maoni yenyewe yalielekeza huko, tuliongeza stadi mpya pembeni yake: kutoa dozi ya kwanza baada ya kushauriana kwa simu na daktari au muuguzi mtaalamu. Walijibu 26. Ile mpya ilikubaliwa na 23, sawa na asilimia 88, ikaingia. Ile ya awali ilipata 19, sawa na asilimia 73, ikabaki nje.

Hapo ndipo nilipoanza kuitwa msaliti wa wauguzi. Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba tushushe kiwango hadi 70. Nilikataa, na kamati iliniunga mkono kwa kura tano dhidi ya mbili. Kwa jopo la watu 26, mtu mmoja ni karibu asilimia 4. Ukishusha mstari kwa ajili ya stadi moja unayoipenda, umeshazishushia na nyingine ambazo hukuzitazama, na yeyote atakayesoma taarifa yetu atauliza ni lini 75 iligeuka 70. Wakufunzi wakishajua jibu la swali hilo, hata zile 43 zilizopita kihalali hawataziamini.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba stadi imeanguka kwa sababu watu wawili hawakujibu duru ya mwisho. Nililichunguza hilo. Mmoja alikuwa muuguzi aliyekubali katika duru ya pili, na mwingine mtaalamu aliyekataa. Muuguzi peke yake angerudi na kura yake ileile, wangekuwa 20 kati ya 27, sawa na asilimia 74, bado chini ya kiwango. Wangerudi wote wawili, tungerudi kwenye asilimia 71. Hata hivyo kudondoka kwa wanajopo kulinitia hofu wakati wote, kwani mara nyingi anayechoka ni yule anayeona maoni yake hayabadilishi kitu, na makubaliano yakaonekana kupanda ilhali wapinzani wameondoka tu. Ndiyo maana nilipiga simu za kukumbusha mimi mwenyewe, bila kuuliza mtu amejibu nini, na ndiyo maana taarifa kamili inataja idadi ya waliojibu kila duru na kundi lao.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami siwezi kuipinga yote: pasipo mtandao, stadi ya kushauriana kwa simu haimsaidii muuguzi wa mwambao. Ni kweli. Lakini makubaliano ya jopo hayathibitishi kwamba jambo ni sahihi, wala kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba ni kosa. Yanaonyesha tu watu hawa waliochaguliwa hivi wanakubaliana wapi. Orodha hii pia haimpi wala haimnyang'anyi mtu ruhusa ya kutoa dawa, kwani hilo liko kwa sheria na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kwa hiyo nimeelekeza kwamba stadi iliyoanguka isifutwe. Itachapishwa katika kiambatisho pamoja na hesabu ya kila kundi na sababu zilizotolewa, ikiwemo ya ukosefu wa benzheksoli. Ninaamini sehemu hiyo itatusaidia kudai dawa kuliko ambavyo ushindi wa kura moja ungetusaidia.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda na ada zikilipwa, kuwasilisha orodha kwa vyuo vya kanda yetu na kutafuta namna ya kuwasikiliza wagonjwa na ndugu zao, ambao safari hii tuliwaacha nje. Tarehe tutawajulisha. Wajumbe wawili waliopiga kura kinyume nami wameomba maelezo yao yaambatanishwe na taarifa hii, na yameambatanishwa bila kuhaririwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti