Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sera Mpya ya Likizo

Ndugu wanachama wenzangu,

Taarifa ya fedha ataisoma mweka hazina, na mambo ya uchaguzi wa matawi yatakuja na katibu. Mimi nimeomba muda wangu wote niutumie kwenye jambo moja, kwa sababu ndilo mlilonituma mwaka jana na ndilo mnaloniuliza kila ninapopita jikoni, getini na kwenye chumba cha walimu: sera ya likizo iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026.

Nianze na likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Hizo tulikuwa tukizipata tangu zamani. Shida ilikuwa kwa mama wa mtoto njiti, na wengi mnamkumbuka mwalimu mwenzetu wa darasa la pili. Alijifungua mimba ikiwa na wiki 31. Likizo ikaanza kuhesabiwa siku ileile, huku yeye yuko wodini amemfunga mtoto kifuani kwa njia ya kangaruu, anamkamulia maziwa na kumnywesha kwa kikombe. Siku 84 ni wiki 12. Kwa hiyo alipotakiwa kurudi darasani, mtoto wake alikuwa sawa na mtoto wa wiki tatu aliyezaliwa kwa wakati wake. Nilikwenda kumwona nyumbani wiki ile, nikakishika kile kiganja kidogo, na nikajua hili ndilo la kwanza tutakalolipeleka mezani.

Marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yalitusaidia, maana yalimtambua mama wa mtoto njiti. Sera yetu sasa inasema hivi: mtoto akizaliwa kabla ya wiki 36, siku zilizobaki kufikia wiki ya 36 zinaongezwa juu ya zile 84. Kwa mwalimu wetu zingekuwa wiki tano, yaani siku 35, na jumla yake ingekuwa siku 119. Kinachohitajika ni karatasi ya hospitali inayoonyesha umri wa mimba siku ya kujifungua. Iombeni kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, maana kuifuata baadaye ni usumbufu.

Akina mama, msichelewe na taarifa. Sheria inataka mwajiri ajulishwe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Hesabu rahisi ni kwamba mimba ikikaribia miezi sita, barua iwe imefika kwa afisa utumishi. Likizo yenyewe mnaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Wapo wanaoficha mimba wakiogopa kusemwa. Tumekubaliana na uongozi kwamba barua hizo zitapokelewa na afisa utumishi peke yake, si wakuu wa idara.

Zile saa mbili za kunyonyesha kwa siku nazo zipo kisheria, ila kwetu zilikuwa za kwenye karatasi tu. Nani atatoka saa nne, apande daladala, anyonyeshe na kurudi ndani ya saa moja? Sasa mama anaweza kuziunganisha akaondoka saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja, mpaka mtoto atimize mwaka mmoja. Na lipo moja ambalo ni zito kulisema, lakini lazima mlijue: mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, sheria inampa mama haki ya siku nyingine 84 za likizo ya uzazi ndani ya mzunguko uleule wa likizo wa miezi 36. Sera ya zamani haikuligusa kabisa. Sasa limeandikwa. Baba naye ana siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Kwenye likizo ya ugonjwa ndiko tulikoumizwa zaidi. Sera ya zamani ilitupa siku 14 kwa mwaka, zikiisha wanakata kwenye likizo ya mwaka, nayo ikiisha unakaa bila mshahara. Sheria haisemi hivyo. Inasema siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Na mzunguko hauanzi Januari. Unaanza siku uliyoajiriwa, kwa hiyo kila mtu ana wake. Tafuteni mikataba yenu mwangalie tarehe.

Nichukue mfano wa dereva wetu wa basi la shule, ambaye ameniruhusu nimseme. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 2023, hivyo mzunguko wake unaisha mwisho wa Februari 2026. Mwaka 2024 aliugua siku 20. Mwaka 2025 akaanguka na pikipiki siku ya mapumziko, akavunjika mguu, akalala siku 70. (Angeumia akiwa kazini, hilo lingekwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, si huku.) Kwa sera ya zamani alilipwa siku 14, akapoteza siku zake zote 28 za likizo ya mwaka, na siku 28 zilizobaki hakupata hata senti. Kwa mshahara wake wa shilingi 520,000, ambao ni kama 120,000 kwa wiki, alikosa karibu 480,000. Kwa hesabu ya sheria, kati ya zile siku 63 alikuwa ameshatumia 20, zikabaki 43 za mshahara kamili. Siku 27 za mwisho zilikuwa za nusu mshahara, na angepungukiwa kama 231,000 tu, likizo yake ya mwaka ikibaki salama. Uongozi umekubali kumrudishia tofauti hiyo na zile siku 28. Kama na wewe ulikatwa hivyo, njoo na hati zako za mshahara.

Bado karatasi ya daktari ni lazima. Bila hiyo mwajiri halazimiki kulipa, na hapo hata chama hakitakuwa na la kusema.

Mwisho ni likizo ya msiba. Sheria inatoa siku nne zenye malipo kwa mzunguko mzima wa miezi 36, hata misiba ikiwa mitatu. Inahusu kuuguliwa au kufiwa na mtoto, na kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Mpishi wetu alifiwa na mama yake Kasulu. Kutoka hapa Morogoro, siku moja ilikwisha barabarani kwenda, nyingine kurudi, na Jumapili ikahesabiwa. Alirudi kazini matanga hayajaanuliwa. Tumepata siku nne za kazi kwa kila msiba, na siku mbili za safari ukitoka nje ya mkoa. Wakwe pia wameingizwa. Mjomba, shangazi, mama mdogo na baba mdogo wamekataliwa. Kwa hao utaomba ruhusa bila malipo. Sikuridhika, na waliokuwa nami kwenye kikao wanajua nilivyobishana, kwa sababu wengi wetu tumelelewa na hao hao. Tutalirudisha mezani mwezi Julai, sera itakapopitiwa tena.

Fomu za kuhakiki tarehe ya mzunguko wako ziko kwa makatibu wa matawi. Zirudishwe kabla ya tarehe 31 Machi.